Bustani ya Gunia Uani: Nguzo ya Kokoto, Maji ya Kila Siku na Sahani ya Mgonjwa

Mgonjwa anapotoka kliniki akiwa ameagizwa kula mboga za majani, agizo hilo humkuta katika mazingira yake. Aliye na shamba atalitimiza kwa wepesi. Aliyepanga chumba kimoja au viwili mjini, mwenye ua wa hatua chache anaochangia na wapangaji wenzake, hana budi kununua kila fungu sokoni, na aghalabu huacha pale fedha inapopungua. Kwa mtu huyu gunia lililojazwa udongo na kusimamishwa wima ni shamba la kweli, kwa kuwa hupandwa ubavuni pia na si juu peke yake. Njia hii ilijulikana sana katika mtaa wa Kibera jijini Nairobi kuanzia mwaka 2008, pale shirika la Solidarités lilipowasaidia wakazi kuotesha mboga katika magunia baada ya ghasia zilizofuata uchaguzi wa mwishoni mwa 2007.

Makala haya yanaeleza jinsi ya kuandaa gunia hilo, hasa nguzo ya mawe inayosimama katikati yake, ambayo ndiyo njia ya maji. Kisha yanamfuata mgonjwa hadi kwenye sahani, kwa sababu kuna dawa moja ambayo mtumiaji wake hapaswi kuanza kula mavuno ya gunia kabla ya kuzungumza na kliniki yake.

Ili maelezo yasielee hewani, tuchukue kaya moja ya mfano iliyoko Dar es Salaam: watu watano, ua wa mita tatu kwa nne, udongo wa kichanga, na maji yanayonunuliwa kwa ndoo. Baba wa kaya hiyo amebadilishwa valvu ya moyo na anameza warfarini kila siku. Binti yake ni mjamzito.

Kwa nini nguzo katikati

Mtu akijaza gunia udongo mtupu na kumwagilia juu, ataona mboga za juu zikistawi ilhali za chini zinanyauka. Sababu yake si ngumu kuitambua. Udongo wa juu hunywa maji kwanza, na kila unapomwagiwa hujishindilia na kuwa mgumu zaidi. Maji yanayosalia hutafuta upenyo pembeni, kati ya udongo na kitambaa cha gunia, yakatiririka nje pasipo kugusa mizizi. Hapo mkulima huongeza maji, na maji ya kununua hupotea.

Nguzo ya kokoto hutatua jambo hili kwa kuyapeleka maji kwenye kina chote kwa wakati mmoja. Nafasi zilizo kati ya jiwe na jiwe hujaa maji, kisha maji hayo husambaa kwenda pembeni yakiulowanisha udongo kutoka ndani kwenda nje. Gunia la kilo mia lililojazwa huwa na kipenyo cha sentimeta 45 hivi. Nguzo yenye kipenyo cha sentimeta 15 ikisimama katikati, maji husafiri sentimeta 15 tu kufika ukingoni, na umbali huo si mkubwa kwa udongo uliochanganywa vizuri.

Mahali na gunia

Mahali pachaguliwe kabla ya koleo la kwanza la udongo. Gunia likishajaa na kulowa huweza kukaribia uzito wa kilo 200, na halihamishiki tena bila kupasuka. Patafutwe mahali panapopata jua la moja kwa moja kwa saa nne hadi tano kila siku, hasa la asubuhi, palipo mbali na shimo la choo na mbali na maji ya kufulia yanayotiririka uani. Tuache nafasi ya mtu kuzunguka pande zote, kwa kuwa uvunaji hufanyika kwa kulizunguka gunia.

Gunia la katani hupumua vizuri lakini huoza mapema. Gunia la sandarusi hudumu zaidi, ingawa jua hulichakaza polepole hadi likaanza kuchanika. Lolote kati ya hayo linafaa ikiwa lilibeba mahindi, mchele au sukari. Lisitumike gunia lililobeba viuatilifu au mbegu zilizopakwa dawa, hata kama limefuliwa mara kadhaa.

Udongo

Gunia letu la mfano lina upana wa sentimeta 70 likiwa limelazwa, na litajazwa hadi kimo cha sentimeta 85. Litahitaji ndoo saba za lita 20 za udongo uliochanganywa, pamoja na kokoto zisizofika ndoo moja, kiasi cha lita 15.

Uwiano wa mchanganyiko hufuata aina ya udongo uliopo. Udongo wa kichanga, kama ule wa sehemu nyingi za Dar es Salaam, hauzuii maji: yakiingia kwenye nguzo hushuka moja kwa moja chini badala ya kwenda pembeni. Dawa yake ni samadi iliyoiva au mboji, ambayo hunywa maji na kuyashika. Kaya yetu itachanganya ndoo nne za udongo na ndoo tatu za samadi. Penye udongo wa mfinyanzi mambo hugeuka: maji husambaa polepole mno na mizizi hukosa hewa, kwa hiyo huko huongezwa ndoo moja au mbili za mchanga mahali pa sehemu ya udongo.

Kipimo cha mkono kinatosha kuamua. Chukua konzi ya mchanganyiko uliolowa kiasi na uukamate kwa nguvu. Ukifungua kiganja nao ukabaki bonge, kisha bonge hilo likavunjika kwa kuguswa na kidole, umefaa. Ukimeguka wenyewe papo hapo, ongeza samadi. Ukinyooka kama unga wa chapati uliokandwa, ongeza mchanga.

Samadi iwe imeiva. Kinyesi kibichi cha ng'ombe au kuku huunguza mizizi ya miche, na pia hubeba bakteria wa kuharisha na mayai ya minyoo yanayoweza kufika kwenye jani. Samadi ikirundikwa, ikaloweshwa na kugeuzwa mara kwa mara kwa miezi mitatu au zaidi, hupata joto, hupoteza harufu kali na hugeuka kuwa nyeusi na yenye kumeguka. Samadi ambayo bado inanuka kinyesi haijawa tayari.

Udongo nao una historia yake. Usichukuliwe kando ya gereji, mahali panapotengenezwa betri za magari, penye dampo la zamani, wala chini ya ukuta wa zamani unaobambuka rangi. Maeneo hayo huweza kuwa na madini ya risasi, ambayo hayaozi, hayaui mmea, na hayaondoki kwa kupika. Mtoto mdogo huathirika zaidi na risasi kuliko mtu mzima, nayo hudhuru ubongo unaokua.

Kuijenga nguzo

Kifaa kinachohitajika ni kopo la bati lenye kipenyo cha sentimeta 15 hivi, kama lile la rangi au la maziwa ya unga, lililokatwa kitako na mfuniko ili libaki bomba fupi. Ikiwa ni la rangi, lisuguliwe na kuoshwa hadi rangi yote iondoke. Kokoto ziwe na ukubwa kati ya limau dogo na yai la kuku, nazo zioshwe, kwa maana vumbi la kokoto ndilo la kwanza kuziba nguzo.

Kunja ukingo wa gunia kwa nje kama mkono wa shati, ili lisimame wima na mkono wako ufike chini. Tandaza udongo wenye samadi nyingi kimo cha sentimeta tano na uubane kidogo kwa ngumi. Penye kichanga weka juu ya tabaka hilo, katikati kabisa, kipande cha plastiki chenye ukubwa wa sahani ndogo. Hicho huyazuia maji yasiteremke moja kwa moja na kutokea chini.

Simamisha kopo juu ya kipande hicho, ulijaze kokoto, kisha jaza udongo kulizunguka hadi ukaribie ukingo wa kopo. Bana udongo kwa kiganja, usiushindilie kwa mti. Sasa livute kopo taratibu kwenda juu huku ukilizungusha kidogo, uache sehemu yake ya chini ikiwa bado imezama kiasi cha vidole vitatu. Kokoto zitabaki zimesimama zikishikwa na udongo. Jaza kopo tena, zungushia udongo tena, vuta tena. Endelea hivyo, ukikunjua gunia kadiri linavyopanda, hadi ubakize nafasi ya kutosha kufunga au kukunja mdomo wa gunia.

Kosa kubwa katika hatua hii ni kulivuta kopo lote nje kabla ya kuongeza kokoto. Udongo huporomokea katikati na nguzo hukatika. Ukiitazama kwa juu huwezi kujua, lakini maji yatafika kwenye mkato huo na kusimama, na safu zote zilizo chini yake zitabaki kavu. Kosa la pili ni nguzo kuegemea upande mmoja. Upande ulio karibu nayo utalowa kupita kiasi, na wa mbali utakauka. Kila baada ya kuvuta kopo, pima kwa macho umbali wa kutoka kwenye kokoto hadi kila upande wa gunia.

Gunia likijaa, simika miti mitatu kulizunguka ili lisilale, mwagia maji kwenye nguzo, kisha liache kwa siku mbili au tatu. Udongo utashuka. Ongeza ulipopungua, na ndipo uanze kutoboa.

Kutoboa na kupanda

Safu ya kwanza ya matundu iwe sentimeta 20 kutoka ardhini, ili majani yasirushiwe tope la mvua na kuku wasiyafikie kwa wepesi. Safu nyingine tatu zifuate kila baada ya sentimeta 17. Mzunguko wa gunia hili ni sentimeta 140, hivyo matundu yakiachana kwa sentimeta 20, kila safu hubeba miche saba, na gunia zima miche 28. Matundu ya safu moja yasikae moja kwa moja chini ya yale ya safu iliyo juu yake, bali yapishane, ili mmea wa juu usiufunike wa chini.

Usikate tundu la mraba, kwa kuwa udongo utamwagika. Kata mkato mdogo wenye umbo la V, upana wa vidole viwili, ambao ulimi wake utajirudisha na kuushika udongo. Tengeneza kijishimo kwa kidole, ingiza mizizi ikielekea ndani na chini kidogo, kisha bana udongo pembeni mwa shina. Kazi hii ifanyike jioni, ili mche upate usiku mzima kabla ya kukutana na jua.

Sukuma wiki na spinachi hufaa ubavuni, zikitoka kitaluni zikiwa na majani manne au matano. Matembele hupandwa kwa vipande vya mashina na hustahimili safu ya chini, ambako huwa na unyevu mwingi zaidi, na upande wenye kivuli. Juu ya gunia, kuizunguka nguzo, husiwa mchicha kwa mbegu. Huo huwa tayari katika wiki tatu hadi nne, ilhali sukuma wiki huanza kuchumwa wiki tano au sita baada ya kuhamishwa, kisha huendelea kwa miezi kadhaa ikiwa huchumwa majani ya chini na kuachiwa kile kichomozi cha juu.

Kiasi cha maji

Nguzo yenyewe inatuonyesha kiasi cha maji. Kati ya lita 15 za kokoto, nafasi tupu ni kama sehemu mbili kwa tano, yaani lita sita hivi. Maji yanayozidi hapo kwa mara moja hufurika juu na kusukuma udongo kuingia katikati ya mawe. Kwa hiyo mwaga lita tano asubuhi, taratibu, kwenye nguzo peke yake. Wakati wa kiangazi mwaga lita tano nyingine jioni. Mchicha wa juu urushiwe kikombe kimoja au viwili hadi mizizi yake ishuke. Miche michanga ya ubavuni nayo huhitaji kutiliwa maji kidogo kwenye tundu lake kwa wiki ya kwanza, kwa sababu mizizi yake bado haijauelekea unyevu wa ndani.

Kiasi hiki ni cha kuanzia. Kinachoamua ni kijiti. Chomeka kijiti kikavu katika tundu la safu ya tatu kutoka juu, kiende ndani urefu wa kidole, ukiache kwa dakika chache na kukitoa. Kikitoka na udongo ulioshikamana nacho, maji yanatosha. Kikitoka kikavu na cha vumbi, ongeza. Kikitoka na tope linalonuka, punguza, maana mizizi imeanza kukosa hewa.

Gunia hutoa dalili tatu za kasoro, na kila moja ina tafsiri yake. Maji yakitokea chini ndani ya dakika moja au mbili, udongo hauyashiki: mwaga nusu, subiri robo saa, kisha mwaga nusu nyingine, na msimu ujao ongeza samadi. Maji yakisimama juu ya nguzo bila kuzama, nguzo imezibwa na udongo: toa kokoto za juu kwa kina cha kiganja, zioshe, uzirudishe. Mimea ya upande mmoja au ya safu za chini ikinyauka ilhali mingine inang'aa, nguzo imepinda au imekatika. Hapo pigilia kwenye udongo ulio upande mkavu kipande cha bomba la plastiki kilichotobolewa matundu, umwagilie kupitia hicho, maana kulivunja gunia ni kupoteza mimea yote.

Maji yaliyosuuza mchele au mboga yanafaa. Maji ya sabuni ya kufulia yasitumike, kwa kuwa chumvi zake hujilimbikiza ndani ya gunia. Maji ya mfereji yasitumike kabisa, kwani hubeba kinyesi. Nguzo ina faida nyingine hapa ambayo mhudumu wa afya ataipenda: maji hayagusi majani, hivyo mboga huvunwa ikiwa safi zaidi kuliko ile iliyorushiwa maji juu. Hata hivyo mboga yote ioshwe kwa maji safi yanayotiririka kabla ya kukatwa.

Vidukari wakijikusanya chini ya majani, wafutwe kwa kidole au wanyunyiziwe maji yenye sabuni ya mche kidogo, kisha majani yasuuzwe siku inayofuata. Bustani iliyo hatua mbili kutoka jikoni, penye watoto, si mahali pa kupulizia sumu.

Mavuno kwa hesabu

Tukadirie kwamba kila mche wa ubavuni hutoa majani mawili kwa wiki, na kila jani lina uzito wa gramu 20. Miche 28 itatoa gramu 1,120, yaani kilo moja na kidogo kwa wiki. Shirika la Afya Duniani hupendekeza mtu mzima ale angalau gramu 400 za mboga na matunda kwa siku. Kwa watu watano hizo ni kilo 14 kwa wiki, tukiwahesabu wote kama watu wazima. Gunia moja, basi, halifiki hata sehemu moja ya kumi ya hitaji hilo. Mhudumu wa afya anayemshauri mgonjwa aseme hivyo waziwazi, ili mtu asiache kununua matunda na mboga nyingine akidhani gunia limemaliza kazi.

Magunia mawili hutoa kilo mbili na robo hivi kwa wiki. Hizo ni sufuria tatu za mboga, kila moja ikiwa na gramu 700 na zaidi kabla ya kupikwa. Kaya yetu itaandaa mawili, nayo yasipandwe siku moja. La pili lipandwe wiki sita baada ya la kwanza, kwa sababu tutakayoiona sasa.

Anayemeza warfarini

Warfarini hupewa watu wenye valvu za bandia za moyo na wengine walio katika hatari ya damu kuganda ndani ya mishipa. Ini huhitaji vitamini K ili litengeneze protini zinazogandisha damu, na warfarini hufanya kazi kwa kuizuia vitamini hiyo isitumike tena na tena. Sukuma wiki, mchicha na spinachi zina vitamini K kwa wingi. Dozi ya dawa, kwa hiyo, hupangwa kulingana na damu ya mtu kama ilivyo kwa chakula alichozoea.

Sasa mtazame baba wa kaya yetu. Kwa miezi mingi amekula mboga mara moja kwa wiki, na dozi yake imepangwa katika hali hiyo. Gunia linaanza kuvunwa, na kwa kuwa mboga ni ya bure naye ameambiwa ina afya, anaila mchana na usiku. Baada ya siku chache nguvu ya dawa hupungua, kile kipimo kinachoandikwa INR kwenye kadi yake hushuka, na damu huweza kuganda kwenye valvu au kusafirisha bonge hadi kwenye ubongo likasababisha kiharusi. Naye atakuwa hajakosa kumeza hata kidonge kimoja.

Hatari ya upande wa pili hujificha zaidi. Tuseme kliniki imeiona INR iliyoshuka ikaongeza dozi. Miezi minne baadaye miche inazeeka, au maji yanakosekana kwa wiki mbili na gunia linakauka. Mboga inakoma ghafla, dozi kubwa inabaki, na sasa damu inachelewa mno kuganda. Fizi hutoka damu wakati wa kupiga mswaki, ngozi hupata michubuko isiyo na sababu, mkojo huwa mwekundu au choo kikawa cheusi kama lami. Dalili hizi ni za kumpeleka mgonjwa hospitali siku hiyo hiyo.

Mgonjwa huyu hakatazwi mboga. Anachotakiwa ni kula kiasi kilekile wiki hadi wiki. Hapa kilimo na tiba hukutana, kwa maana bustani ndogo kwa asili yake huwa na wiki za neema na wiki za ukame. Kupanda magunia mawili kwa kupishana kwa wiki sita huziba pengo hilo: moja likizeeka, jingine bado linatoa. Wiki mavuno yanapopungua, fungu linalokosekana linunuliwe sokoni, na yanapozidi, ziada iliwe na wengine wa nyumbani au ipelekwe kwa jirani.

Kwa vitendo, baba huyu aieleze kliniki kabla ya mavuno ya kwanza kwamba nyumbani kutakuwa na mboga ya kudumu. Akubaliane nayo juu ya kiasi, kwa mfano upawa mmoja wa mboga iliyopikwa siku za Jumatatu, Jumatano na Ijumaa, na aombe tarehe ya kupima INR muda mfupi baada ya kuanza. Asibadili dozi mwenyewe. Mpishi naye aelezwe, kwa sababu anayepakua ndiye anayeshika kipimo.

Wengine mezani

Mwenye ugonjwa wa figo aliyeambiwa apunguze potasiamu asile mavuno haya kabla ya kumuuliza daktari au mtaalamu wa lishe. Akiruhusiwa, mboga ikatwe, ichemshwe katika maji mengi, na maji hayo yamwagwe, kwa kuwa sehemu ya potasiamu hutoka nayo. Kwake yeye ule ushauri wa kutomwaga supu ya mboga haufai.

Binti mjamzito hupata folati na madini ya chuma kutoka kwenye mboga hizi, lakini chuma cha majani hufyonzwa kwa kiasi kidogo. Kipande cha limau au chungwa katika mlo huo husaidia ufyonzaji, na chai inayonywewa pamoja na chakula huupunguza. Vidonge vya chuma na folati alivyopewa kliniki haviachwi kwa sababu ya gunia. Wala si yeye wa kubeba ndoo za udongo na kokoto. Kumwagilia na kuchuma, ambako hufanywa kwa kusimama, ataweza.

Msimu unapokwisha

Sukuma wiki ikianza kutoa majani madogo na magumu, au kutoa maua, ing'olewe. Gunia la sandarusi likichanika kwa kuguswa, limwagwe. Kokoto zioshwe na kuanikwa, udongo uchanganywe na ndoo mbili za samadi mpya iliyoiva, kisha nguzo ijengwe upya katika gunia jingine. Katika kaya yetu kazi hiyo ifanywe kwa gunia moja kwa wakati, na lile la pili liachwe likiendelea kutoa upawa wa Jumatatu, Jumatano na Ijumaa.